Kumi na Saba ya Kati ya Ngapi?

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja jioni, zikiwa zimebaki siku nane mitihani ya mwisho wa muhula ianze. Alikuwa mwaka wa pili, anasoma biashara. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniulizia hali ya shangazi yake, akaingia kwenye habari yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha vua viatu na kunyoosha miguu.

"Mjomba, uhasibu wa gharama sina wasiwasi nao tena. Kozi weki nina ishirini na tatu. Kupita ni arobaini. Nimebakiza kumi na saba tu."

"Kumi na saba ya kati ya ngapi?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Ya mtihani, mjomba."

"Najua ni ya mtihani. Nakuuliza, ya kati ya ngapi?"

Hakuwa na jibu, na sikumshangaa. Miaka ya nyuma nimewahi kusahihisha mitihani na kujumlisha matokeo, na swali hilo limewaangusha vijana wengi ambao kwa somo lenyewe hawakuwa wabaya. Kijana anajua alama zake, anajua kiwango cha kupita, anatoa hiki kwa kile, kisha anaingia chumba cha mtihani akiwa na lengo ambalo halipo popote. Akitoka na sapu anasema mhadhiri ana roho mbaya.

Kwa msomaji ambaye hana mtoto chuoni, utaratibu ni huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vikuu vingine vingi vya Tanzania, huhesabu kila somo kwa alama 100. Katika hizo, 40 mwanafunzi anazitafuta wakati muhula unaendelea, kwa majaribio, kazi za nyumbani na mawasilisho ya vikundi. Hizo ndizo kozi weki. Nyingine 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho. Kupita katika shahada ya kwanza ni kufikisha jumla ya 40, ambayo ni daraja C. Kuanzia 35 hadi 39 ni D, chini ya hapo ni E, na zote mbili maana yake hujapita.

Hapo pana mtego mdogo ambao nadhani unachangia nusu ya mkanganyiko wote: arobaini ziko mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa kapu la kozi weki, ya pili ni mstari wa kupita. Hazina undugu wowote, zimefanana jina tu. Chuo kingeweza kuweka kozi weki 30 na kupita 40, kama ilivyo zoea katika vyuo vikuu vingi vya Kenya. Kingeweza pia kubaki na kozi weki 40 na kuweka mstari wa kupita kwenye 50, kama wafanyavyo baadhi ya wengine. Lakini zikikutana arobaini mbili katika hesabu moja, kijana huona kama vile kozi weki peke yake inatosha kumvusha, na mtihani ni wa kumalizia tu.

Turudi kwa mpwa wangu na kumi na saba yake. Kosa lake la kwanza linahusu namna karatasi ya mtihani inavyosahihishwa. Msahihishaji hasahihishi kwa 60. Karatasi imetungwa kwa alama 100, inasahihishwa kwa 100, na alama inayopatikana huzidishwa kwa 0.6 ili iingie kwenye lile kapu la 60. Kwa hiyo aliyepata 50 kwenye karatasi amejiwekea 30 kwenye jumla yake, na aliyepata 80 amejiwekea 48. Alama ya karatasi na alama ya jumla ni fedha za nchi mbili. Ukifika Namanga na noti za Tanzania, ukaambiwa chakula ni mia tatu za Kenya, hutoi mia tatu zako na kuanza kula; unauliza kwanza kiwango cha kubadilisha.

Kiwango chetu hapa ni rahisi kukumbuka: tatu kwa tano. Kila alama 3 unazotaka kwenye jumla zinakugharimu alama 5 kwenye karatasi, kwa sababu 60 kwa 100 ukiifupisha inakuwa 3 kwa 5. Ile kumi na saba ya mpwa wangu ilikuwa ni ya kati ya 60. Ukiigawa kwa 3 na kuzidisha kwa 5 unapata 28 na kitu. Kama angeingia akilenga 17 kwenye karatasi na kuzipata hizo hizo, angeongeza 10.2 tu kwenye jumla yake. Ishirini na tatu na kumi ni thelathini na tatu. Hiyo ni E.

Nikamwambia anitumie alama zake zote zilivyo, siyo jumla aliyoifanya mwenyewe. Picha zilipoingia kwenye simu ndipo nilipoliona kosa la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza kwa sababu limejificha.

Somo lile lilikuwa na kazi tatu za kozi weki, na uzito wa kila moja ulikuwa umeandikwa tangu wiki ya kwanza kwenye ile karatasi ya mpango wa somo ambayo wanafunzi huipokea, huikunja, na huiona tena siku ya kuhama chumba. Jaribio la kwanza lina uzito wa alama 15. Jaribio la pili lina 20. Kazi ya nyumbani ina 5. Ukijumlisha unapata 40. Yeye jaribio la kwanza alikuwa amepata 21 kati ya 50, la pili 17 kati ya 40, na kazi ya nyumbani 18 kati ya 20.

Alichofanya ni hiki: aligeuza kila moja kuwa asilimia, akapata 42, 42.5 na 90. Akazijumlisha, akagawa kwa tatu, akapata wastani wa asilimia 58. Asilimia 58 ya 40 ni 23 na kitu. Hesabu haina kosa hata moja la kujumlisha wala la kugawa, na jibu si sahihi.

Si sahihi kwa sababu wastani wa namna hiyo unazichukulia kazi zote tatu kuwa na uzito sawa. Ile 90 ya kazi ya nyumbani, iliyofanywa na kikundi cha watu sita usiku mmoja, imepewa nguvu sawa na jaribio la pili lenye uzito mara nne yake. Njia iliyo sahihi ni kuipima kila kazi kwa kapu lake yenyewe. Unachukua alama ulizopata, unagawa kwa alama zote za kazi hiyo, kisha unazidisha kwa uzito wake. Jaribio la kwanza: 21 kwa 50, mara 15, unapata 6.3. Jaribio la pili: 17 kwa 40, mara 20, unapata 8.5. Kazi ya nyumbani: 18 kwa 20, mara 5, unapata 4.5. Jumla ni 19.3.

Kumbe hakuwa na 23. Alikuwa na 19.3, na zile alama nne zilizoyeyuka zilikuwa ni za kikundi cha watu sita.

Kuligundua kosa hili hakuhitaji utaalamu. Tazama kazi zenye uzito mkubwa zimekaa wapi. Huyu majaribio yake yote mawili yalikuwa kwenye asilimia 42, na majaribio hayo yamebeba 35 kati ya 40 za kozi weki. Basi jumla yake haiwezi kwenda mbali na asilimia 42 ya 40, ambayo ni 16.8, labda ivutwe juu kidogo na kazi ya nyumbani. Ukipata 23 wakati kazi nzito zote zinasema 17, kuna kazi nyepesi iliyopewa kiti cha mbele.

Baada ya hapo hesabu yenyewe ni mstari mmoja. Chukua jumla unayoitaka, toa kozi weki yako, gawa kwa 0.6:

```
alama ya karatasi = (lengo - kozi weki) / 0.6
(40 - 19.3) / 0.6 = 34.5
```

Asiyependa desimali aende kwa tatu na tano: 40 kutoa 19.3 ni 20.7, gawa kwa 3 unapata 6.9, zidisha kwa 5 unapata 34.5. Wala huhitaji kikokotoo, neno ambalo wastaafu wetu siku hizi wakilisikia hushika kifua.

Basi mpwa wangu alihitaji 34.5 kwenye karatasi ya alama 100. Alikuwa amejiandaa kwa 17. Ninyi mliosoma biashara mtaniambia hiyo inaitwaje.

Jibu lenye nusu lina mambo yake. Karatasi nyingi husahihishwa kwa alama kamili, kwa hiyo 34.5 haipatikani, utapata 34 au 35. Ukipata 35, mtihani unakupa 21, jumla inakuwa 40.3, umepita. Ukipata 34, mtihani unakupa 20.4, jumla ni 39.7. Je, 39.7 ni 40?

Inategemea chuo kinakadiria wapi. Kama kinaziacha desimali zisafiri hadi mwisho, kisha kinaikadiria jumla kwenda namba kamili iliyo karibu, 39.7 inakuwa 40 na kijana amepita na C. Kama kozi weki inakadiriwa kwanza peke yake, 19.3 inakuwa 19. Na mtihani ukikadiriwa peke yake, 20.4 inakuwa 20. Jumla ni 39, ambayo ni D, na kijana anarudi kufanya sapu wakati wenzake wako likizo. Ni mwanafunzi yule yule mwenye karatasi zile zile, na tofauti yote imetokana na mahali desimali ilipokatwa. Ndiyo maana jibu la hesabu hii hupandishwa juu daima, hata likiwa 34.1. Anayelishusha chini anamkopa mtu asiyemjua.

Sasa kuna jambo moja ambalo vijana hawaniamini nikiliwaambia hadi tukae na kalamu. Kwa mstari wa kupita wa 40, hesabu hii haimfungii mtu mlango hata awe na kozi weki ya sifuri. Arobaini gawa kwa 0.6 ni 66.7, yaani akipata 67 kwenye karatasi amepita. Kwa upande mwingine, mwenye kozi weki ya 30 anahitaji 10 tu kwenye jumla, ambazo ni alama 17 za karatasi. Katikati yao kuna mtu mwenye kozi weki ya 16. Huyo anahitaji 24, na 24 kwa 0.6 ni 40 kamili. Kumi na sita ni asilimia 40 ya 40, kwa hiyo huyu amekaa juu ya mstari tangu mwanzo na anahitaji kubaki juu ya mstari. Mwenye zaidi ya 16 ameingia na akiba, mwenye pungufu ameingia na deni. Mpwa wangu, pamoja na yote, alikuwa na akiba: 3.3 juu ya 16. Kwa kiwango cha tatu kwa tano, hiyo ndiyo iliyomshushia mtihani kutoka 40 hadi 34.5.

Katika vyuo ambavyo kupita ni 50, kama Makerere kwa shahada ya kwanza, mambo yanabadilika zaidi ya mtu anavyodhani. Ukiwa na kozi weki ya 40, mtu wa kukaa juu ya mstari ni mwenye 20, siyo 16. Mwenye 19.3 ambaye kwa mstari wa 40 alikuwa na akiba, hapa ana deni, na karatasi yake inapaswa kufika 51.2, yaani 52. Mstari umepanda alama 10, lakini mtihani umepanda karibu 17. Hiyo ni tatu kwa tano ikifanya kazi yake: kila kinachoongezwa kwenye lengo kinaongezeka zaidi kwenye karatasi.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mlango ni mmoja. Vyuo vingi vina mlango wa pili, na baadhi vina wa tatu. Kuna vyuo vinavyosema mwanafunzi asiyefikisha kiwango fulani cha kozi weki, tuseme 16 kati ya 40, haruhusiwi kukaa kwenye mtihani. Huyo hesabu yetu inamwambia bado ana nafasi, na kanuni inamwambia abaki nyumbani. Kuna vingine vinavyotaka mtihani wenyewe upitwe peke yake, bila kujali jumla. Vikitaka asilimia 40 ya mtihani, yule mwenye kozi weki ya 30 aliyehitaji 17 tu hana tena raha hiyo. Anahitaji 40 kama kila mtu, na akipata 35 atakuwa na jumla ya 51 na bado hajapita. Nimewahi kumwona mwanafunzi amesimama mbele ya ubao wa matangazo akijumlisha alama zake kwa kidole mara tatu, jumla inafika hamsini na kitu, na mbele ya jina lake pameandikwa sapu. Alidhani ni makosa ya uchapaji. Kanuni ilikuwa kwenye kijitabu alichopewa wiki ya kuwakaribisha wageni.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kalamu, mambo matatu yatafutwe kwenye kanuni za mitihani za chuo chenyewe: mstari wa kupita ni ngapi, kama kuna kiwango cha chini cha kozi weki, na kama kuna kiwango cha chini cha mtihani peke yake. Likiwepo hilo la mwisho, lengo lako ni ile namba kubwa kati ya mbili, ya hesabu na ya kanuni. Wala mwenye kozi weki nono asije akafikiri sifuri inamtosha. Kutofika kwenye mtihani bila sababu iliyokubaliwa si sawa na kupata sifuri. Vyuo huliweka jambo hilo kwenye fungu lake, na adhabu yake ni nzito kuliko sapu.

Tulipofika hapo mpwa wangu alikuwa ameshavaa viatu vyake. "Basi thelathini na tano," akasema. "Karatasi yenyewe ina maswali matano, kila moja alama ishirini. Nikijibu mawili vizuri, nina arobaini."

Hilo nalo lina tatizo. Alama 40 kwenye maswali mawili maana yake ni kupata 20 kwa 20 mara mbili. Mtu ambaye majaribio yake mawili yamekaa kwenye asilimia 42 hawezi kupanga safari yake kwa mwendo wa asilimia 100. Nikamwambia tufanye unajua zaidi sasa, umesoma, unapata asilimia 60 ya kila swali unalojibu. Thelathini na tano gawa kwa 0.6 ni 58. Unahitaji kujibu maswali yenye jumla ya alama 58, na hayo ni matatu kamili, siyo mawili. Kwa mwendo wake wa zamani wa asilimia 42 mambo ni magumu zaidi: 35 gawa kwa 0.42 ni 83, na hiyo ni maswali manne na robo, yaani yote matano. Kadiri unavyojua kidogo ndivyo unavyolazimika kujibu mengi. Wanafunzi hufanya kinyume: asiyejua huchagua mada mbili na kuziombea zitoke.

(Ile 0.6 ya mwendo wake na ile 0.6 ya uzito wa mtihani ni namba mbili tofauti zilizogongana tu, kama zile arobaini. Nilimwambia aandike kwa rangi mbili.)

Kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote ya jioni ile: kama nikisema nisilenge kupita tu, nilenge ngapi? Kanuni ile ile inajibu, unabadilisha lengo. Kwa B, ambayo inaanzia 50, alihitaji 30.7 zaidi, kwenye karatasi ni 52. Kwa B+ inayoanzia 60, alihitaji 68. Kwa A ya 70, alihitaji 85. Kila daraja moja linagharimu karibu alama 17 za karatasi, kwa sababu kumi kwa kiwango cha tatu kwa tano ni kumi na sita na kitu. Na hapa ndipo panapoonekana mlango uliofungwa kweli: mwenye kozi weki pungufu ya 10 hawezi kupata A hata akipata 100 kwenye mtihani, kwa kuwa mtihani wote ukiwa mzima unatoa 60 na hakuna wa kumwongezea.

Mwanafunzi ana masomo matano au sita na wiki moja. Akijua kwamba somo hili linamtaka 35 ili apite na 52 ili apate B, na lile linamtaka 61 ili apite tu, anajua saa zake aziweke wapi. Mpwa wangu alikuwa amepanga kulala juu ya uhasibu wa gharama na kukesha na somo la mawasiliano ya biashara, ambalo tulipolikokotoa tukakuta linamtaka alama 22. Alilipenda tu kwa sababu lilikuwa rahisi kusoma.

Nilimshauri asilenge 35. Sikumwambia kwa sababu ya hekima yoyote, ila kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza. Insha au hesabu yenye hatua nyingi, wasahihishaji wawili waangalifu wanaweza kupishana alama mbili tatu kwa swali moja bila yeyote kuwa mkosefu. Kwenye maswali manne tofauti hizo zinaweza kukupendelea au kukuangusha. Anayelenga 35 na kupimwa kwa mkono mzito anaishia 30, na 30 inampa jumla ya 37.3. Anayelenga 45 akipungukiwa vile vile anabaki na 40, jumla 43.3, na hakuna anayejua kwamba alitetemeka.

Kuna sababu nyingine ya kutocheza karibu na mstari. Vyuo vingi, mwanafunzi akienda kwenye sapu, kozi weki yake haiendi naye. Sapu inasahihishwa kwa 100 na kuhesabiwa kwa 100, na hata akipata 90 anaandikiwa C. Kwa mpwa wangu hiyo ingekuwa na maana kwamba mtihani wa kwanza ulimtaka 35, na sapu ingemtaka 40. Ile akiba yake ya 3.3 ingekuwa imekufa. Mwenye kozi weki ya 30 anapoteza zaidi: kutoka 17 hadi 40. Akikosa na hapo, ndiyo habari za kukeri, kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, na wazazi kuelezwa kwa lugha ya mafumbo. Kwa mwenye deni hali ni ya kushangaza: aliye na kozi weki ya 8 anahitaji 54 kwenye mtihani wa kwanza na 40 tu kwenye sapu. Nimesikia vijana wakilipigia hesabu jambo hilo kwa makusudi. Wanasahau kwamba kuna kikomo cha masomo unayoweza kufeli kwa mwaka kabla ya kuambiwa ufungashe, wanachokiita kudisko.

Matokeo yalitoka baada ya wiki kadhaa. Mfumo wa chuo chao hauonyeshi alama ya karatasi, unaonyesha jumla na daraja. Kwenye uhasibu wa gharama palikuwa na 43, C. Alinipigia, safari hii bila mbwembwe, akasema amefurahi ila kuna kitu kinamkera: alipotoka kwenye mtihani alijipigia hesabu ya 50 na zaidi, na sasa anafikiria kukata rufaa.

Nikamwambia aikimbize kanuni kinyumenyume kwanza. Toa kozi weki kwenye jumla, gawa kwa 0.6. Lakini 43 ya kwenye mfumo imekadiriwa. Ya kweli inaweza kuwa popote kuanzia 42.5 hadi karibu 43.5. Ukitoa 19.3 unabaki na 23.2 hadi 24.2, na ukigawa kwa 0.6 unapata kati ya 38.7 na 40.3. Karatasi yake basi ilikuwa na alama 39 au 40, ikiwa kozi weki iliyoingizwa ni ile ile. Na hilo ndilo la kuhakikisha kabla ya kulipa ada ya rufaa, kwa kuwa kosa la kunakili kozi weki linaonekana kwa macho na halihitaji mtu kusahihisha upya: kama pangeingizwa 9.3 badala ya 19.3, jumla ya 43 ingemaanisha karatasi ya 56.

Alienda kuiangalia kwa mratibu wa mitihani wa idara. Ilikuwa 19.3. Akanitumia ujumbe mfupi saa saba mchana: "Mjomba, ni 39 au 40. Rufaa naacha."

Dakika mbili baadaye ukaja mwingine. Muhula mpya ulikuwa umeanza siku hiyo, na alikuwa ameipiga picha karatasi ya mpango wa somo la kwanza, sehemu ya uzito wa kila kazi akiwa ameizungushia duara la kalamu nyekundu.